Dhamana za Serikali: Maswali Mawili Kabla ya Kuitoa Mahari Yako

Wapenzi dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi ambao mahari bado iko mkononi na kila mtu ana ushauri wake juu ya wapi iende.

Siku hizi ushauri unaosikika sana, kwenye vikao vya wanawake hadi kwenye makundi ya simu, ni huu: usiiache pesa ikalala, nunua dhamana za serikali. Serikali haifilisiki, wanasema, pesa yako haipotei, na unalipwa hata ukiwa umelala. Wanaosema hivyo wengi wana nia njema, na katika wanayoyasema mna ukweli. Lakini tumeona kwamba watu wanaanza na swali la tatu, yaani "wanatoa asilimia ngapi?", kabla ya kuuliza mawili ya mwanzo. La kwanza: katika jambo hili mimi nimenunua kitu au nimekopesha? La pili: pesa hii nitaihitaji lini? Maoni yetu ni kwamba mwanamke mwenye tahadhari akiyajibu haya mawili kwa ukweli, swali la asilimia litakuwa jepesi.

Bili na hatifungani si kitu kimoja

Benki Kuu ya Tanzania huuza kwa niaba ya Serikali dhamana za aina mbili. Ya kwanza ni dhamana za muda mfupi, ambazo wengi wanaziita bili za hazina. Hizi huiva kwa siku 35, 91, 182 au 364. Kiwango cha chini cha kuanzia ni shilingi 500,000. Ya pili ni hatifungani, ambazo mitaani tunaziita bondi. Hizi ni za miaka: kuanzia miaka 2 hadi miaka 25, na kiwango cha kuanzia ni shilingi 1,000,000.

Zote mbili huuzwa kwa mnada. Wewe hupandi boti kwenda kunyoosha mkono mnadani. Unakwenda benki yako au kwa dalali wa soko la mitaji aliyesajiliwa, unafunguliwa akaunti ya kuhifadhia dhamana kwa jina lako, kwa kitambulisho chako na akaunti yako ya benki, halafu yeye ndiye anayewasilisha ombi lako. Wenye fedha nyingi hutaja bei wanayoitaka na wanaweza kukosa. Mnunuzi mdogo anaweza kukubali bei ya wastani itakayotoka kwenye mnada. Karatasi ya kuweka kabatini haipo. Umiliki wako umeandikwa kwenye kumbukumbu za Benki Kuu, na unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako wakati wowote.

Sasa tumchukue bi harusi mmoja wa mfano. Ana shilingi 5,000,000: mahari, na fungu lake la mchezo aliopokea mwezi uliopita. Tumpe kwanza bili ya siku 364. Tuseme mnada umetoka na bei ya shilingi 92 kwa kila 100. Maana yake ni kwamba ili apate bili iliyoandikwa 5,000,000, leo analipa 4,600,000. Mwaka mzima hapokei chochote. Bili ikiiva, Serikali inamlipa ile 5,000,000 iliyoandikwa. Ziada ni shilingi 400,000. Katika ziada hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 40,000, na inayobaki ni 360,000. Ukiigawa kwa 4,600,000 aliyotoa, ni chini kidogo ya asilimia 8 kwa mwaka. Na kama mwaka huo bei za vitu zimepanda kwa asilimia 3, basi shilingi 138,000 katika ziada ile imekwenda kufidia mchele na mafuta yaliyopanda. Kilichoongezeka kweli ni kama shilingi 222,000.

Hatifungani inakwenda kwa njia nyingine. Analipa 5,000,000, au karibu yake kulingana na bei ya mnada, na kila baada ya miezi 6 analipwa kiasi kilichotajwa tangu siku ya kwanza. Ikiwa imeandikwa asilimia 12 kwa mwaka, anapokea 300,000 kila miezi 6 mpaka hatifungani iive, kisha anarudishiwa ile 5,000,000 yake.

Hapa mwanamke anaona: ya kwanza inanipa 8, ya pili inanipa 12, basi ya pili ni bora. Subiri kidogo, dada. Tujibu maswali yetu mawili.

Nimenunua au nimekopesha?

Jibu ni moja kwa zote mbili: umekopesha. Neno "kununua" linatuchanganya. Bi harusi wetu hakununua kitu cha kuonekana, hakununua sehemu ya bandari wala sehemu ya barabara. Ameikopesha Serikali 4,600,000 na Serikali imeahidi kumrudishia 5,000,000. Kwenye hatifungani amekopesha 5,000,000 na ameahidiwa nyongeza kila miezi 6. Serikali ikipata au ikikosa, mradi ukienda au ukikwama, nyongeza ni ileile. Benki Kuu yenyewe inapoandika kwa Kiswahili haikuzungukii, inaiita "riba".

Tunalisema hili kwa sababu kuna maneno yanayozunguka kwamba bili haina riba, kwani ndani yake hamna asilimia iliyoandikwa, ni bidhaa tu inayouzwa kwa punguzo. Wanazuoni wamelijibu hili zamani. Mwezi Machi 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jiddah na katika azimio lake namba 60 likasema kwamba hati za mkopo zenye ahadi ya kurudisha mtaji pamoja na nyongeza haziruhusiwi, ziwe zimetolewa na serikali au na watu binafsi. Likaongeza kwamba zile zinazouzwa kwa bei ya chini ya thamani iliyoandikwa, na mnunuzi akafaidika na tofauti ile, nazo ni mikopo na hukumu yake ni hiyohiyo. Punguzo halikubadilisha kitu.

Uadilifu unatutaka tuseme kwamba ipo kauli nyingine. Mwaka 1989 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, ambaye wakati huo alikuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuruhusu hati za uwekezaji za serikali ya nchi yake. Fatwa ile ilipingwa na wanazuoni wengi, lakini wapo mpaka leo wanaoishika. Sisi si mamufti. Kauli ya wengi ndiyo iliyotutuliza sisi, na wewe una sheikh wako wa kumuuliza. Tunachokuomba ni kwamba umuulize kwa maneno sahihi. Usimwambie "nimenunua dhamana ya serikali, inafaa?" Mwambie: "Naikopesha Serikali milioni nne na laki sita, na mwakani itanirudishia milioni tano." Akijibu swali hilo, atakuwa amejibu jambo lenyewe.

Na asikudanganye mtu kwamba ukitoa zaka ile nyongeza imetakasika. Zaka ni haki iliyomo katika mali yako halali. Haigeuzi hukumu ya namna pesa ilivyoingia.

Pesa hii nitaihitaji lini?

Swali la pili ni la dunia tupu, na linamhusu hata yule aliyetulizana na kauli ya pili. Watu husema dhamana za serikali hazina hatari. Ni kweli kwamba ukikaa na hatifungani yako mpaka siku ya kuiva, na Serikali ikalipa, utapata kila shilingi uliyoahidiwa. Hatari imejificha kwenye neno "mpaka".

Turudi kwa bi harusi wetu. Amechagua hatifungani ya miaka 20 ya asilimia 12. Miaka miwili baadaye ana mtoto, mume anataka kuezeka nyumba, na pesa inatakiwa. Serikali haimrudishii kabla ya miaka 20. Njia aliyonayo ni kutafuta mtu mwingine wa kumuuzia, kupitia dalali. Sasa tuseme katika miaka hiyo miwili hatifungani mpya zimeanza kutoka na asilimia 15. Nani atanunua ya 12 kwa bei kamili wakati ya 15 ipo? Atakubali tu akipunguziwa bei. Ukiipiga hesabu, kwa miaka 18 iliyobaki, bei inashuka mpaka kama shilingi 81 kwa kila 100. Milioni 5 yake itauzwa kama milioni 4 na elfu 70.

Tusimtie hofu kupita kiasi: katika miaka ile miwili alishapokea malipo manne ya 300,000, jumla 1,200,000. Ukijumlisha na bei ya kuuzia, ana kama 5,270,000. Kwa hiyo hakupoteza kwa hesabu ya juujuu. Lakini ikiwa vitu vilipanda asilimia 3 kila mwaka, basi kile kilichokuwa kikinunuliwa kwa 5,000,000 sasa kinataka zaidi ya 5,300,000. Amengoja miaka miwili na nguvu ya pesa yake imepungua. Na hapo hatujamlipa dalali wala hatujamtafuta mnunuzi, ambaye kwa fungu dogo huenda asipatikane haraka.

Mambo yanaweza kwenda upande wa pili pia. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania iliteremsha kiwango cha hatifungani mpya za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Waliokuwa wameshashika zile za zamani wakawa wameshika kitu ambacho wengine wanakitamani, na bei yake sokoni ikawa na nguvu. Funzo ni moja: kadiri muda unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyoyumba ukitaka kutoka njiani. Ile nyongeza ya 12 badala ya 8 ndiyo malipo ya kukubali kufungwa. Kwa bili ya siku 91 au 182 mtikisiko huo ni mdogo mno, kwa sababu kungoja kwenyewe ni kufupi.

Na kama Serikali yenyewe ikikwama?

"Serikali haifilisiki" ni maneno ambayo wanawake wa Ghana waliyasikia pia. Tarehe 5 Desemba 2022 serikali ya Ghana, ikiwa imeelemewa na madeni, ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani. Wenye nazo walitakiwa wazirudishe na kupokea mpya, za muda mrefu zaidi na malipo madogo. Katika mapendekezo ya mwanzo, mwaka mzima wa 2023 ulikuwa haulipwi kitu. Wastaafu waliokuwa wameweka akiba zao huko walikwenda kukusanyika wizara ya fedha mjini Accra, na Februari 2023 aliungana nao Bi Sophia Akuffo, mama aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo. Baada ya kelele ile wastaafu waliachwa nje ya mpango.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu ya kitu kimoja ambacho wengi hawakukiona. Bili za hazina hazikuguswa. Serikali ya Ghana ilizilipa kama kawaida, kwani ilizihitaji ili iendelee kukopa wiki hadi wiki. Waliobanwa ni wenye hatifungani za miaka. Hatusemi kwamba Tanzania inaelekea huko, na hatusemi kwamba bili haiwezi kuguswa mahali pengine. Tunasema kwamba mwenye tahadhari asiitafute salama yake kwenye jina la mkopaji peke yake. Aitafute pia kwenye ufupi wa muda.

Basi dada afanye nini?

Tutoe maoni yetu bila kuzunguka.

Wewe ambaye umetulizana kwamba nyongeza hii ni riba, bili na hatifungani zote zimetoka kwenye orodha yako. Usiingie kwa aibu kwa sababu shoga yako ameingia, wala usichague bili ukidhani punguzo lake ni mlango wa nyuma. Mlango unaokufaa kuuchungulia ni sukuki. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua sukuki yake mwaka 2025, na kwa visiwa vyetu hilo ni jambo la kushukuru. Asili ya sukuki ni kwamba unakuwa na sehemu katika mali au manufaa ya mali, na unachopokea ni kodi ya mali ile au faida yake, kama mwenye duka anavyopokea kodi ya duka lake.

Lakini hata huko usifumbe macho. Mwaka 2007 Mufti Taqi Usmani, bingwa wa fiqhi ya biashara, alisema wazi kwamba sukuki nyingi zilizokuwa sokoni hazikutimiza sharti. Kosa kubwa alilolitaja ni ahadi ya kumrudishia mnunuzi mtaji wake wote kwa bei ileile, vyovyote itakavyokuwa hali ya mali, maana hapo mkopo unakuwa umevaa buibui. Kwa hiyo mbele ya sukuki yoyote uliza: mali iliyo nyuma yake ni ipi? Ikiharibika, nani anabeba hasara? Wanazuoni walioipitisha ni kina nani, na fatwa yao naweza kuisoma? Nikitaka kutoka kabla ya muda, nitauza wapi? Swali hili la mwisho ni lilelile la pili. Sukuki ya miaka mingi inafunga pesa kama hatifungani inavyofunga.

Na wewe ambaye umemuuliza sheikh wako na umeshika kauli ya ruhusa, ushauri wetu ni kwamba usianze na hatifungani hata kama asilimia yake inang'aa. Anza na bili fupi, kwa fungu la pesa tu, na uone mzunguko mmoja mpaka mwisho: ombi, mnada, makato, na pesa kurudi kwenye akaunti yako. Pesa ya fanicha ya miezi mitatu ijayo, au ya uzazi, isiingie kabisa. Hatifungani iachie pesa ambayo kwa yakini huiulizii kwa miaka yote iliyoandikwa.

Kwa nyinyi nyote wawili, ulinzi wa mwisho ni mmoja. Akaunti iwe kwa jina lako. Mahari ni haki yako na si ya baba, kaka wala mume, na kumwandikisha mwingine "kwa sababu yeye anajua mambo ya benki" ni kuanzisha kesi ya kesho. Mtu akikwambia umpe pesa akununulie kwa jina lake, kataa. Akikwambia hatifungani yake ya serikali inalipa kila mwezi, kataa mara mbili, kwa sababu hatifungani za Serikali yetu hulipa kila miezi 6. Mwambie jamaa wa karibu unayemwamini kwamba akaunti hiyo ipo, ili warithi wako wajue pa kuuliza. Omba taarifa ya akaunti, isome, na uone jina lako limeandikwa vizuri na kiasi ni kile ulichotoa.

Bi harusi wetu wa mfano tumemwacha na milioni tano zake na maswali mawili. Hajachelewa. Minada inarudi kila mara, na pesa iliyokaa wiki tatu ikingoja jibu la sheikh na hesabu ya matumizi ya nyumba haijapotea. Iliyofungwa miaka 20 kwa kuharakishwa ndiyo ngumu kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.